Jina Kamili la Ugonjwa wa Eusebio

Teodolinda Piminchumo hakugonga dirisha la maabara kama mtu anayekuja kuomba. Aligonga kwa kiganja kizima, akagonga tena, na Zoraida Huamanchumo alipofungua alikuta uso uliovimba kwa kukosa usingizi.

"Wewe ndiye unayepima mafua?"

"Ndiye mimi, mama. Una mgonjwa?"

"Mume wangu yuko wodini. Daktari Lescano anasema ana influenza A. Nikamuuliza, A ndiyo nini? Akasema ni ile ile ya kila baridi, nikampe maji mengi. Daktari, mume wangu hawezi kumaliza sentensi. Anasema neno moja, anapumzika."

Zoraida alimjua mama huyo kwa sura. Puerto Ñamul ni mji mdogo, bahari mbele na jangwa nyuma, na watu wote hukutana kwenye supu ya shambar siku ya Jumatatu. Alijua pia kwamba yeye na mumewe, Eusebio Ñique, walifanya kazi San Elpidio, shamba la kuku lililotandaza mabanda yake mchangani kaskazini mwa mji. Nusu ya mji ilikula kwa mkono wa San Elpidio.

"Mumeo anafanya kazi gani kule?"

"Anaokota waliokufa."

"Wengi?"

Teodolinda alimtazama kama anayepima kama inafaa kuendelea. "Mwanzoni kumi, ishirini. Halafu banda zima. Vichwa vimevimba, upanga wa kichwani umegeuka bluu, wanaanguka wakitembea. Tuliambiwa tuwabebe kwa mikono, tuwatie kwenye magunia. Barakoa hakuna. Daktari Ganoza, yule wa mifugo, akatuambia tusiogope, kwa sababu sote tumechanjwa chanjo ya mafua."

Zoraida alikumbuka ufukwe. Majuma machache nyuma mwari, wale ndege wa bahari, walikuwa wamekufa huko, wametapakaa kama magunia matupu, na watoto waliwasukuma kwa vijiti. Kila mtu alijua kuhusu mwari. Hakuna aliyewaambia wagonjwa wa hospitali kwamba kuku nao walikuwa wanakufa.

"Rudi kwake," alisema. "Vaa hii barakoa na usiivue. Nakwenda kuchukua sampuli mwenyewe."

Kipimo alichokuwa nacho Daktari Lescano kilikuwa kile cha haraka, kijiti chenye mistari. Kijiti hicho hujua mambo mawili tu: A ama B. Mashine ya Zoraida ilijua zaidi. Alimwingiza Eusebio kijiti chenye pamba puani na kooni, Eusebio akafumba macho, akasema, "Pole pole, dada," kisha akavuta pumzi mara tatu kabla ya kuongeza, "pua ninayo moja." Hata katika hali ile alikuwa mtu wa utani.

Mashine ilipomaliza, Zoraida alisoma matokeo akiwa amesimama. Influenza A: ipo, tena tele, mstari ulipanda mapema na kwa nguvu. Influenza B: hakuna. Hayo ya kwanza yalikubaliana na kijiti. Lakini mashine iliuliza pia maswali mengine. Je, ni H1, ile inayozunguka kwa watu kila mwaka? Hapana. Je, ni H3, ile nyingine ya watu? Hapana.

Alirudia kipimo chote tangu mwanzo, kwa sampuli mpya, asije akamsingizia mtu kwa kosa la mkono. Jibu likawa lile lile. Kama virusi vingekuwa vichache angeweza kusema mashine imeshindwa kuona. Vilikuwa tele. Eusebio alikuwa na influenza A, na haikuwa A yoyote ya watu.

Alifunga sampuli iliyobaki kwenye sanduku la barafu, akaita gari la kuipeleka uwanja wa ndege, akapiga simu maabara ya taifa kule Lima. Hakuomba ruhusa ya mtu. Homa ya namna hii kwa binadamu hutolewa taarifa mara moja, ndivyo sheria ilivyo, Peru na duniani. Kisha akaenda kutafuta dawa.

*

Mkurugenzi wa hospitali alikuwa yule yule Daktari Arístides Lescano, kwa sababu Ñamul haikuwa na madaktari wa kugawana vyeo. Zoraida alimkuta ofisini na mgeni. Mgeni alivaa koti jepesi lenye nembo ya San Elpidio kifuani, viatu havina vumbi, na alikuwa amekwisha kuhudumiwa kahawa. Ramiro Ganoza.

"Umefika wakati mzuri," alisema Lescano bila kumtazama. "Daktari Ganoza anataka cheti kuhusu yule mfanyakazi. Andika influenza A, weka muhuri, tumalize."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Kwani si A?"

"Ni A."

"Sasa uongo uko wapi?"

"Uongo hauko kwenye neno. Uko mahali unapolikatia," alisema Zoraida. "Ni A isiyo H1 wala H3. Mtu amebeba kuku waliokufa kwa mikono mitupu. Nimekwisha tuma Lima. Na ninataka oseltamivir kwa mgonjwa sasa hivi, maana nimeangalia faili lake, hajapewa hata kidonge kimoja."

Lescano alikunja uso. "Dawa ni chache. Tunawawekea wajawazito na wazee. Yeye ni kijana, ana kifua chenye nguvu."

"Alikuwa nacho."

Ganoza aliweka kikombe chini taratibu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kuwatuliza wanunuzi. "Daktari Huamanchumo, tusitiane hofu. Mabandani tuna tatizo dogo, tunalishughulikia. Tuseme hata ni ile mnayoiogopa, H5N1. Watu wetu wote walichanjwa mwezi wa nne. Chanjo ina H1N1 ndani. N1 hii, N1 ile. Nusu ya ugonjwa wameshaijua."

"Umesoma udaktari wa mifugo miaka mingapi?"

"Haihusiani."

"Inahusiana. Unajua H ni nini. Ni hemaglutinini, protini iliyosimama juu ya kirusi kama miiba, ndiyo inayoshika seli ya mtu na kuingia. Chanjo hufundisha mwili hasa kuitambua H. Ukifundishwa H1, H5 ikija mlangoni huijui. N ni neuraminidasi, hiyo ni mkasi, hukata nyuzi ili virusi vipya vilivyozaliwa ndani vitoke viende seli nyingine. Kuijua N1 kunaweza kukusaidia kidogo, hakuna mtu mwaminifu atakayekuapia zaidi ya hapo. Na kwa kidogo hicho wewe umewaingiza watu bandani bila barakoa."

"Mimi sikumwingiza mtu. Wanakwenda kazini."

"Isitoshe," Lescano aliingilia haraka, "yule bwana ana binti, Yesenia. Mtoto ana homa na kikohozi tangu kabla ya baba yake. Amepata nyumbani. Mafua yamo nyumbani."

"Nani kakuambia?"

Lescano alimtupia Ganoza jicho. Ganoza aliangalia dirishani, na Zoraida akaelewa kwamba hadithi hiyo ilikuwa imeandaliwa kabla hajaingia: si kuku, ni mtoto. Kesho yake ingekuwa redioni.

Wakati huo hasira yake ilibadilika. Mpaka pale ilikuwa ya moto, sasa ikawa baridi. "Vizuri," alisema. "Nitampima mtoto. Na oseltamivir nitaichukua stoo sasa, wewe uniandikie barua ya kunishtaki baadaye."

*

Yesenia alikuwa na miaka saba na alimwuma Zoraida kidole wakati wa kuchukuliwa sampuli. Mama yake alimkaripia, Zoraida akasema mwache, ana haki.

Jibu lilikuwa influenza B.

Alikwenda wodini mwenyewe kumweleza Teodolinda, ambaye alisimama nje ya kioo cha chumba walikomtenga mumewe. Dawa ilikuwa imeanza, lakini imechelewa, na Eusebio sasa alikuwa na mpira wa oksijeni puani na macho yaliyotazama dari.

"B," alirudia Teodolinda. "Hiyo ni mbaya zaidi ya A ama nafuu? Shuleni kwa Yesenia A ndiyo ya juu, B wastani, C umefeli."

"Hapa si alama za shule. Waliziita A, B, C kwa zamu ya kuzigundua, basi. Lakini ni aina mbali mbali kabisa. C huwapata watoto wengi, mara nyingi inapita kama mafua ya kawaida, wala haina H na N, ina protini moja inayofanya kazi za zote mbili. B ni ya watu. Inaweza kumlaza mtu, tusiidharau, lakini haiji kutoka kwa kuku. A peke yake ndiyo yenye ukoo mrefu, iko kwa ndege, nguruwe, farasi, watu, na ndiyo maana inabidi kuitenganisha kwa namba, H hii, N ile."

"Na B haigeuki kuwa A."

"Haigeuki."

Teodolinda alikuwa anahesabu kichwani, na Zoraida alimwacha afike mwenyewe.

"Kwa hiyo mwanangu hakumwambukiza baba yake."

"Hakumwambukiza."

"Kwa sababu leo asubuhi," alisema Teodolinda polepole, "mtu wa San Elpidio alikuja nyumbani. Alimwambia mama mkwe wangu kwamba mtoto ndiye aliyeleta. Mbele ya mtoto. Yesenia hajala tangu saa hiyo. Amekaa chini ya meza." Alifungua mkono, akaufunga. "Niambie tena, daktari. Niambie kwa maneno ambayo nitayasema mbele ya watu bila kukosea."

Zoraida alimwambia tena.

*

Zoraida na Teodolinda walikwenda San Elpidio kwa gari la hospitali, na vidonge vya kuwatosha watu waliowagusa ndege, barakoa, na vijiti vya kuchukulia sampuli. Ukungu wa bahari ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Langoni mwa San Elpidio wafanyakazi wa zamu walisimama wakisubiri kuingia, karibu arobaini, wamevaa makoti yao wenyewe. Mlinzi alikataa kufungua. Ganoza alitoka na kusimama ndani ya lango, chuma kikiwa kati yao.

"Hamna kibali cha kuingia."

"Sina haja ya kuingia," alisema Zoraida. "Ninaowataka wako nje."

Aliwaeleza wafanyakazi kwamba wale waliobeba kuku wameze dawa leo, hata kama hawaumwi. Dawa huuzuia mkasi wa kirusi, na mkasi ni mkasi, uitwe N1 au N9, A ama B, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri Lima itaje jina. Mtu mwenye macho mekundu au homa aseme sasa.

Watu waliangaliana. Mzee mmoja, Casimiro, mwenye meno machache na ulimi mzima, alisema, "Daktari wa kampuni alituambia tumechanjwa. Wewe unasema tumeze dawa. Nyinyi wasomi mkipatana mtuite."

Wengine wakacheka. Ganoza naye akatabasamu nyuma ya chuma. "Msikilizeni mzee. Ni influenza A, ndugu zangu. Mnaijua, mmeugua mara ngapi? Bwana Eusebio amepata nyumbani kwake, kwa bahati mbaya, kutoka kwa mwanawe."

Teodolinda alisogea mpaka langoni. Hakupaza sauti, na kwa sababu hiyo wote walinyamaza ili wamsikie.

"Mwanangu ana B," alisema. "Mume wangu ana A. B haizai A. Hata bata hazai kuku, na wewe umesomea bata na kuku."

Hakuna aliyecheka.

"Mnaambiwa A, mnatulia. A ni nini? Ni kama mtu aje kunitafuta mjini akisema anamtaka Eusebio. Eusebio yupi? Wako wanane. Mpaka useme Ñique wa baba, Piminchumo wa mama, ndipo utaletwa mlangoni kwangu, maana mimi na yeye tumeoana binamu wa mbali na nyote mlitusengenya." Mtu mmoja alikohoa ili kuficha kicheko. "Huu ugonjwa nao una majina mawili, H na N. Chanjo tuliyochomwa ina H1. Hii ya mume wangu si H1, imepimwa mara mbili. Huyu bwana anajua. Alijua alipotupatia magunia. Alikuja nyumbani kwangu akamtia mtoto wa miaka saba chini ya meza, akijua."

"Sikuja mimi," alisema Ganoza.

"Basi ulimtuma mwenye mdomo mkubwa kuliko wako."

Casimiro alivua kofia yake, akajifuta uso nayo. Kisha akanyoosha mkono kwa Zoraida. "Nipe hivyo vidonge."

Waliopanga foleni walikuwa thelathini na kitu. Wawili walikuwa na macho mekundu na hawakuwa wamemwambia mtu. Hakuna aliyeingia zamu. Ganoza alipiga simu nyingi akitembea huku na huku ndani ya lango lake, na nyuma yake, kutoka mabandani, kulikuwa na ukimya ambao mtu aliyezoea kuku hawezi kuuvumilia.

*

Lima walipiga simu kesho yake. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya mwanamke aliyechoka. H5, alisema, hapana shaka. N watathibitisha kwa kusoma vinasaba vyote, lakini kila dalili ni N1, ukoo ule ule wa ndege wa pwani. Wataalamu wa kuzuia maambukizi walikuwa njiani. Aliuliza mgonjwa anaendeleaje.

"Alikufa alfajiri," alisema Zoraida.

Mwanamke wa Lima alitoa pole. "Dawa alianza lini?"

Zoraida alimwambia. Wote wawili walijua dawa ile inavyotaka kuanzwa mapema.

Alipoteremka wodini alimkuta Lescano amekaa kwenye benchi la wagonjwa, kalamu mkononi. Cheti cha kifo kilikuwa magotini kwake. Mahali pa sababu alikuwa ameandika nimonia kutokana na influenza A, na Teodolinda alisimama mbele yake amekunja mikono.

"Sikipokei," alisema Teodolinda.

"Mama, N haijathibitishwa bado," alisema Lescano. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Siwezi kuandika kisichothibitishwa."

"Hapo ana haki," alisema Zoraida, na ilimchoma kusema hivyo. "Andika influenza A, H5. Hiyo imethibitishwa sasa hivi. N ikija, utaongeza, utasaini tena mbele yake."

Lescano aliandika. Akaharibu herufi, akaanza upya kwenye karatasi nyingine. "Ningempa dawa siku ya kwanza," alisema, bila kumlenga mtu. "Kama ningejua si ile ya kawaida."

"Ungeuliza anafanya kazi gani," alisema Teodolinda. "Mimi nilikuwa nimesimama hapo. Hukuniuliza."

Zoraida alitaka kumhurumia Lescano na akashindwa. Alikuwa amefanya naye kazi miaka mingi, alijua shinikizo la San Elpidio, alijua kwamba hospitali iliomba hata mafuta ya jenereta kwa kampuni. Aliyajua yote hayo na bado alitaka kumpiga kofi.

N1 ilithibitishwa. Lescano aliongeza, akasaini. Mabanda ya San Elpidio yalifungwa na kuku wote waliobaki wakauawa na watu waliovaa nguo nyeupe kutoka utosini hadi kidoleni, zile nguo ambazo Eusebio hakuwahi kuziona. Wale wawili wenye macho mekundu walipimwa, mmoja akakutwa na H5, akapona. Casimiro hakupata hata mafua, akaanza kudai dawa ilimrudishia nguvu za ujana. Yesenia alitoka chini ya meza siku ambayo Zoraida alikwenda nyumbani kwao, akakaa sakafuni naye, akamwambia kwa lugha ya mtoto kwamba mafua yake na ya baba hayajawahi kukutana. Mtoto alimsikiliza, akamwuliza kama ana hakika. Zoraida alisema ana hakika. Alimwuliza tena baada ya muda, na Zoraida akajibu vile vile. Ganoza hakushtakiwa na mtu. Kampuni ilimhamishia kwenye mashamba yake ya kusini.

Mkesha wa Eusebio ulifanyika bila jeneza, kwa kuwa wizara iliagiza azikwe mapema na lisifunguliwe. Waliweka picha yake mezani, mishumaa, kahawa nzito, chupa ya rumu. Watu walijaa mpaka barabarani. Jioni lilifika gari dogo, vijana wawili wakashusha shada kubwa la maua meupe lenye utepe, na kwenye utepe herufi za dhahabu: San Elpidio, kwa mfanyakazi wetu mpendwa.

Waliliegemeza ukutani karibu na picha, wakaondoka haraka.

Teodolinda aliendelea kugawa kahawa mpaka sinia ikaisha. Kisha akaliendea lile shada, akalishika kwa mikono miwili, na watu wakampisha. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani. Zoraida aliinuka amsaidie, naye akakataa kwa kichwa. Alilivuta kupita kizingiti, akavuka nalo barabara ya mchanga, akaliacha upande wa pili, palipokuwa na giza, uso wake ukitazama jangwa.

Akarudi ndani, akanawa mikono kwa sabuni, akauliza ni nani bado hajapata kahawa.